Barua Tisa za Likizo Moja

Mbukwenyi! Naona wa Ugogoni wameitika na wengine wanaangaliana. Basi habari za asubuhi, nyote.

Mwenyekiti amenipa nusu saa niseme juu ya barua za ofisini. Nimekaa masjala zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, na ningeweza kuwachorea ubaoni: anwani ya mwandikaji huku, tarehe hapa, anwani ya mwandikiwa kule, kisha Yah. Lakini hayo mmefundishwa chuoni, na aliyesahau ataazima barua ya mwenzake anakili, kama tulivyofanya sisi sote. Nitawasimulia kisa kimoja tu, cha karani aliyeandika barua ya likizo mara tisa. Saba nilizisoma kabla bosi hajaiona hata moja, na sikupekua droo ya mtu.

Karani huyo nitamwita Yohana. Si jina lake, na ofisi yenyewe siitaji. Ulikuwa mwaka 2014, Dodoma ikiwa bado manispaa, serikali haijahamia, na mtu ukitoka Majengo kwa miguu hadi Uhindini unasalimiana na nusu ya uliokutana nao. Tulikuwa tunauza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, misumari, na zaidi ya vyote, bati. Yohana alikuwa karani wa stoo, mdogo kuliko wote, ameajiriwa tarehe 1 Septemba 2013. Daftari la bati lilikuwa lake. Zikiingia anaandika, zikitoka anaandika, na jioni idadi ya kwenye daftari ilingane na idadi iliyo chini ya turubai. Mwaka mzima haikupishana hata bati moja. Kijana makini kweli. Ila kwa bosi, ulimi ulikuwa unamwisha. Akiitwa ofisini kwake alikuwa anafuta viganja kwenye suruali kabla ya kugonga mlango.

Mama yake alikuwa anaishi kijijini, Mpwapwa, kwenye tembe. Mliotoka mbali na huku, tembe ni nyumba yetu ya asili: nguzo za panda, juu miti iliyolazwa, juu ya miti nyasi, na juu ya nyasi udongo. Paa lake ni bapa, unaweza kuanika mtama juu yake. Kiangazi ni nyumba nzuri kuliko zote, ndani baridi kama mtungi. Shida yake ni mvua. Udongo usiposilibwa upya kila mwaka unapasuka, maji yanaingia kwenye miti, na siku moja paa linakaa chini. Baba alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akipanda juu na kusiliba. Alipofariki, mama akawa anapanda mwenyewe, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Kwa hiyo Yohana aliamua kuezua tembe na kuezeka bati.

Kanda hii mvua ni za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakatika Aprili. Ukiezua udongo halafu mvua ikakukuta hujapiga bati, hapo umembomolea mama nyumba. Lakini sasa mtazame upande wa pili wa sarafu. Kila mwenye nyumba inayovuja, kuanzia Bahi hadi Kongwa, anakumbuka bati katika miezi hiyohiyo. Novemba kwetu dukani ilikuwa ni kama siku ya gulio iliyokataa kuisha. Karani wa daftari la bati alitaka likizo kwenda kuezeka bati, wakati ambao dunia nzima inakuja kwake kununua bati. Yeye mwenyewe hakuliona hilo. Alikuwa anaona mlango wa bosi tu.

Sasa mtauliza barua zake nilizisomaje. Ofisi ilikuwa na printa moja, na ilikaa masjala, kwenye meza iliyogusana na yangu. Yohana alikuwa anaandika kwenye kompyuta ya stoo, anabonyeza, halafu anakimbia kuja kuchukua karatasi. Umbali ule ni hatua arobaini. Mashine ilikuwa na kasi kuliko miguu yake.

Ya kwanza ilitoka Jumatatu tarehe 29 Septemba. Nanukuu, kwa idhini yake: "Kwa heshima na taadhima, mimi mtumishi wako mdogo, huku nikitambua ubize wako na majukumu mazito uliyonayo, naomba unisamehe kwa kukusumbua, na endapo itakupendeza, na kama haitaleta usumbufu wowote, uniangalie kwa jicho la huruma." Ukurasa mzima uliendelea hivyo. Nilifika chini nikarudi juu kutafuta anaomba nini. Neno likizo lilikuwa mstari wa kumi na mmoja, limebanwa kati ya samahani mbili. Akaja mbio, akaichukua, akasema, "Mama, hiyo ilikuwa majaribio tu." Nikamwambia haya mwanangu.

Ya pili ilikuwa kurasa mbili. Humo nilikuta baba, kifo cha baba, nguzo za panda, magoti ya mama, na mbuzi waliouzwa ili yeye asome. Nisiwafiche, nilifuta machozi. Lakini fikiria bosi ana barua ishirini mezani na dereva wa lori la saruji anapiga honi nje. Ukimpa kurasa mbili anaziweka pembeni azisome akipata nafasi, na nafasi hiyo haiji. Nadhani Yohana naye alihisi hivyo, kwa sababu alirudi kuichana vipande vidogo sana.

Ya tatu alikwenda kuazima mfano. Mnaijua barua hiyo, ipo kwenye kila flashi ya nchi hii. "Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mimi tajwa hapo juu ni mtumishi katika ofisi yako tajwa." Chini, "Wako katika ujenzi wa taifa." Ilikuwa imenyooka, imepigwa mstari pale panapotakiwa. Tatizo ni kichwa cha habari chenyewe, kile alichotaka bosi ahusike nacho. Kilisema: "Yah: KUOMBA NAFASI YA KAZI YA UKARANI." Alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa hapo. Nikacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kuna nini. Angeipeleka ile, bosi angedhani kijana anaomba kuajiriwa mara ya pili.

Ya nne hainichekeshi hata leo. Ilikuwa fupi, imekaa vizuri, na ilikuwa na uongo: "Mama yangu ni mgonjwa mahututi." Nilimfahamu mama yule. Wiki iliyopita alikuwa ametuma karanga kwa basi, na mimi nilikula.

Hapa nisimame kidogo, maana hili nimeliona kwenye mafaili mengi. Mtu ana haki ya siku zake, lakini haamini kwamba ni zake, basi anatafuta msiba au ugonjwa wa kusukumia mlango. Anachofanya bila kujua ni kuhama kutoka likizo ya mwaka kwenda kwenye mambo ya dharura. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku zisizopungua nne kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wako, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Sikilizeni vizuri: ugonjwa uliotajwa pale ni wa mtoto. Ugonjwa wa mzazi haumo. Kwa hiyo Yohana alikuwa anadanganya ili apate kitu ambacho uongo wake usingempa. Bosi mwema angempa siku tatu nne za utu akamuuguze, pamoja na ombi la cheti cha hospitali. Siku nne huwezi kuezua tembe, seuze kuezeka.

Niliiweka ile karatasi uso chini. Alipofika nikamwuliza, "Mama hajambo?" Akanyamaza. Akasema, "Hajambo." Akaichukua, na sikuiona tena. Ya tano ikatoka siku ya pili yake, bila mgonjwa. Ilikuwa nzuri, ila iliomba likizo "mwezi wa kumi na moja" bila tarehe. Mwenyewe aliiona kabla hajafika mlangoni, akarudi.

Ya sita ndiyo iliyonitoa kwenye ukimya. Iliomba siku 28, kuanzia Jumatatu tarehe 17 Novemba hadi Ijumaa tarehe 19 Desemba. Nina kalenda ya ukutani, nikahesabu. Novemba, kuanzia 17 hadi 30, ni siku 14. Desemba, kuanzia 1 hadi 19, ni siku 19. Jumla 33. Nikamwita.

"Mwanangu, hizi siku tano umezitoa wapi?"

"Mama, nimetoa Jumapili. Na tarehe 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru. Si siku za kazi."

Alikuwa amehesabu Jumatatu hadi Jumamosi peke yake, karani makini. Lakini likizo ya mwaka haihesabiwi hivyo. Kifungu cha 31 cha sheria ile kinasema siku zisizopungua 28 mfululizo, na sikukuu inayoangukia humo ndani inahesabiwa. Mfululizo maana yake Jumapili imo, Uhuru umo, harusi ya jirani imo. Ukianza Jumatatu, siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo lazima umalize Jumapili. Ndiyo njia ya haraka ya kujikagua: ikiishia siku nyingine yoyote, kuna mahali umekosea, isipokuwa kama mwajiri wenu ana utaratibu wa kutoa zaidi. Ya Yohana ilitakiwa kuishia Jumapili tarehe 14 Desemba, arudi kazini Jumatatu tarehe 15. Na uandike siku zote mbili, ya mwisho wa likizo na ya kurudi. Neno "hadi tarehe 14" peke yake limegombanisha watu wengi, mmoja anaona ni siku ya kurudi, mwingine anaona bado amepumzika.

Nilipoona anaandika kwenye kiganja, nikampa na mengine. Nikamwambia mzunguko wako ni wa miezi kumi na mbili tangu ulipoajiriwa; umetimia tarehe 31 Agosti. Siku hizi ni zako, huombi hisani. Na likizo ya mwaka haiulizwi sababu. Tena mshahara wa siku za likizo unatakiwa ulipwe kabla hujaondoka, ndio maana mhasibu anahitaji kujua mapema. Hapo uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeambiwa kwamba shati alilovaa si la kuazima.

Nilifikiri nimemsaidia. Jumatatu iliyofuata ikatoka ya saba, na ilikuwa na mistari miwili: "Kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nadai likizo yangu kuanzia tarehe 17 Novemba. Nategemea utekelezaji."

Yaani kutoka mtumishi wako mdogo hadi nategemea utekelezaji, ndani ya wiki mbili.

Nikamwita tena, nikamwambia kosa ni langu, nilikupa nusu ya kifungu. Nusu nyingine inasema anayepanga likizo iwe lini ni mwajiri. Anabanwa na kitu kimoja: asivuke miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Akitaka kuvuka hapo, hadi miezi kumi na miwili, lazima wewe ukubali na pawe na sababu ya kikazi. Kwa hiyo siku 28 ni zako, lakini tarehe ni yake, mpaka mwisho wa Februari 2015. Ukimpelekea barua hii anaweza kukujibu kwa kifungu hichohicho: nenda Februari. Utakuwa umeshinda kesi, na mama yako atakuwa ndani ya tembe lenye maji. Kinachoombwa kwenye barua ya likizo ni tarehe, si zaidi. Kwa hiyo mwambie kwa nini tarehe hiyo, sentensi moja, na mwambie kazi itashikwa na nani. Hilo la pili ndilo mabosi wote wanalitafuta kwa macho barua inapofunguliwa. Wewe huendi peke yako, unaondoka na daftari la bati kichwani.

Kesho yake ilikuwa tarehe 14 Oktoba, siku ya Mwalimu, ofisi imefungwa. Jumatano tukarudi, na nikangoja printa ilie. Haikulia. Nikajua ameghairi. Alhamisi saa nne, mhudumu akaniletea faili la saini kutoka kwa bosi, zile karatasi za siku nzima zinazorudi masjala kugawanywa: hati za kutolea mzigo, hundi, barua za wateja. Nikazigawa. Katikati ya hati mbili za kutolea saruji nikakuta barua ya likizo, imeandikwa kwa mkono, na chini yake saini ya bosi.

Alikuwa ameichomeka. Mnajua mbinu hii, msijifanye hamjui. Unaogopa macho ya mtu, basi unaiacha karatasi yako ijipenyeze katikati ya nyingine, yeye anasaini huku anaongea na simu. Mzee alisaini karatasi thelathini asubuhi ile, na hii ya nane ilikuwa mojawapo. Dakika tano baadaye Yohana akaja masjala anatabasamu.

"Mama, imerudi?"

"Imerudi."

"Amesaini?"

"Amesaini nini?"

Nikamwonyesha. Saini ilikuwa imeangukia juu ya jina la Yohana mwenyewe, mahali pa mwombaji. Hakuna neno nimekubali, hakuna tarehe, hakuna maelekezo kwa mhasibu wala kwa masjala. Ninyi mtakaokaa masjala shikeni hili: saini bila neno si uamuzi. Ukiiweka ile kwenye faili la mtu kama ruhusa, siku bosi anauliza Yohana yuko wapi, wewe ndiye utakayetafutwa. Nikamwambia mwanangu, nikimpelekea mhasibu karatasi hii, atampigia Mzee kuuliza, na Mzee atajua umemsainisha gizani. Baada ya hapo hata hati ya saruji ukimpelekea ataisoma mara mbili. Nikaichana mbele yake. Nilikuwa namchania barua mtu kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, na mkono ulitetemeka zaidi ya wake.

Ya tisa tuliiandika pamoja jioni hiyo, wengine wakiwa wameondoka. Anwani zilikuwa mahali pake, na chini ya anwani ya bosi tuliweka "Kupitia kwa: Mkuu wa Stoo", kwa sababu zile nane zote zilikuwa zimemruka. Mkuu wa stoo akisikia likizo ya karani wake kutoka kwa bosi, ujue umejitafutia mwaka mgumu. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Yah: LIKIZO YA MWAKA, SIKU 28. Naomba kwenda likizo yangu ya mwaka kuanzia Jumatatu tarehe 17 Novemba hadi Jumapili tarehe 14 Desemba 2014, na kurudi kazini Jumatatu tarehe 15 Desemba. Nimechagua siku hizi ili niezeke nyumba ya mama kabla ya mvua. Daftari la bati atalishika karani wa ankara, na nitamkabidhi kwa kuhesabu naye stoo Jumamosi tarehe 15 Novemba. Naomba kuwasilisha."

Ijumaa asubuhi mkuu wa stoo akaweka sahihi yake, akaandika "Naafiki". Ikabaki kuingia kwa Mzee. Yohana alitembea hadi mlangoni, akarudi kunywa maji. Akaenda tena, akarudi akasema Mzee ana mgeni. Mgeni hakuwepo, nilikuwa namwona Mzee kwenye kioo, anakunywa chai na kitumbua. Mara ya tatu nilimfuata na rejesta yangu, nikisingizia kuna kitu cha kusaini. Ndiyo maana naweza kuwasimulia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuna nini, bati zimepungua?"

"Hapana, Mzee. Nimeleta barua."

Akaikunjua. Alisoma kwa muda wa kumeza kitumbua kimoja. Wiki tatu na barua tisa, na mtu alisoma kwa muda huo. Akasema, "Hii imekaa vizuri." Yohana akavuta pumzi. Mzee akaongeza, "Ila huyu unayesema atashika daftari umemwuliza?"

Kimya.

Mzee akafungua trei yake, akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mazoezi, mistari minne kwa kalamu ya wino. Ilikuwa ya yule binti wa ankara. Jumatatu tarehe 13, siku ileile Yohana alipokuwa anachapa "nategemea utekelezaji", binti aliingia, akaamkia, akaweka karatasi mezani, akatoka. Alikuwa anaomba likizo kuanzia tarehe 17 Novemba. Dada yake alikuwa anaolewa Kondoa.

"Nyie wawili tu ndio mnaolijua daftari lile," Mzee akasema. "Na shehena yangu ya bati za msimu inaingia katikati ya Novemba. Ungeniletea hii mwanzoni mwa mwezi ningekupa tarehe yako, na yeye ningemwomba asogeze mbele kidogo. Sasa nimeshamwambia ndiyo."

Nilitamani sakafu inimeze. Mimi ndiye niliyemwambia aandike jina la atakayeshika kazi, na sikumwambia amwulize mwenye jina. Miaka yote ile masjala, na nikasahau jambo ambalo mtoto anayetumwa dukani analijua.

Yohana alikuwa anatazama viatu. Halafu akafanya kitu ambacho katika barua zote tisa hakuwahi kukifanya: akauliza. "Mzee, nikienda kabla yake? Nikirudi kabla yeye hajaondoka?"

Mzee akageuza kalenda ya mezani. Binti alikuwa anaondoka tarehe 17. Kwa siku 28 kamili, Yohana angetakiwa kuondoka tarehe 20 Oktoba, yaani Jumatatu iliyofuata. Haiwezekani, mhasibu hajaandaa malipo, fundi hajatafutwa. Wakakubaliana hivi: aondoke Jumatatu tarehe 27 Oktoba, arudi Jumatatu tarehe 17 Novemba. Ni siku 21. Saba zilizobaki azichukue Februari, kabla miezi sita haijaisha. Kule kukata likizo vipande, sheria imesema mfululizo, na Mzee alilijua hilo, kwa hiyo alitaka Yohana aandike kwa mkono wake kwamba amekubali. Akaandika palepale, amesimama, mistari miwili. Hakufuta hata neno.

Makabidhiano yangefanyika Jumamosi tarehe 25 Oktoba, na ya kurudi Jumatatu asubuhi, kabla binti hajapanda basi la saa nne. Mzee akaandika pembeni ya barua maelekezo kwa mhasibu na kwa masjala, akaweka tarehe, akasaini. Mahali pake safari hii. Kisha akauliza, "Na bati umeshanunua?"

"Bado, Mzee. Nilikuwa nangoja ruhusa."

"Umekaa na bati zangu mwaka mzima unazihesabu, hujanunua hata moja?" Akachukua barua tena, akaongeza chini: bati 24, geji 30, akatwe kwenye mshahara kwa miezi mitatu.

Basi zikapakiwa, zikapitia Mbande na Kongwa hadi Mpwapwa, na Yohana akiwa juu ya mzigo. Tembe lilichukua siku mbili kuezua, maana udongo ule ulikuwa umesilibwa miaka thelathini. Miti mingi ilikuwa imeliwa na mchwa. Fundi akaomba mbao zaidi, fedha ya likizo ikaisha wiki ya pili, na bati la mwisho lilipigwa siku tatu kabla hajarudi. Jumatatu tarehe 17 saa moja na nusu alikuwa stoo, anahesabu na binti wa ankara, ambaye alikuwa tayari ana sanduku lake mlangoni na hina mikononi.

Mvua ya kwanza ilipofika kule, mama alipiga simu ofisini kwa namba ya masjala, kwa sababu simu ya Yohana ilikuwa imezimwa. Nikapokea mimi. Nyuma ya sauti yake nilisikia kishindo. Nikamwuliza kama nyumba inavuja. Akasema haivuji hata tone, ila nimwambie mwanaye kwamba bati linapiga kelele, hajalala tangu usiku wa manane, na tembe lilikuwa kimya.